Kueleza picha ya seli za shavu zilizotiwa rangi: mwongozo kamili wa somo la darasani

Mwalimu akitundika ukutani picha ya seli za shavu zilizotiwa methilini buluu, wanafunzi wengi huondoka na mambo matatu kichwani: kwamba seli hizo zina rangi ya buluu, kwamba ule mstari wa pembeni ndio utando wa seli, na kwamba wanachokiona kimekuzwa mara 400. Yote matatu si sahihi. Picha yenyewe haina kosa. Makosa hayo hutokana na kuonyesha picha moja tu, isiyo na kipimo, bila kusema mwanga ulipita wapi na ulizuiwa wapi.

Mwongozo huu unahusu somo la dakika 40 lililojengwa juu ya picha mbili za seli zilezile: moja kabla ya rangi na moja baada ya rangi. Ukiwa na jozi hiyo, karibu maelezo yote yanajitoa yenyewe. Ukikosa ile ya kwanza, utalazimika kuwaomba wanafunzi wakuamini tu.

Kuandaa slaidi moja itakayotoa picha mbili

Unahitaji slaidi ya kioo, kioo chembamba cha kufunikia, vijiti vya pamba visivyotumika, maji ya chumvi, methilini buluu na vipande vya karatasi ya kuchujia. Maji ya chumvi ni gramu 0.9 za chumvi katika mililita 100 za maji safi. Maji matupu huingia ndani ya seli na kuzivimbisha, ndiyo maana tunatumia chumvi. Rangi ni gramu 0.1 ya unga wa methilini buluu katika mililita 100 za maji, yaani asilimia 0.1. Ichuje kwa karatasi kabla ya kuitumia, hata kama uliichuja mwezi uliopita, kwa sababu chembe za rangi hujikusanya tena chini ya chupa na zitakuja kuonekana kwenye picha kama madoa meusi.

Suuza mdomo kwa maji ili kuondoa mabaki ya chakula. Pitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu taratibu, mara nne au tano, bila kukwaruza. Weka tone moja dogo la maji ya chumvi katikati ya slaidi, kisha zungusha pamba ndani ya tone hilo. Tone likitoka na ukungu mwepesi, seli zinatosha. Likiwa zito kama maziwa, seli zitalaliana na hutapata hata moja iliyokaa peke yake. Kila mtu achukue seli zake mwenyewe, na kijiti kiingie moja kwa moja kwenye chombo chenye dawa ya klorini ya asilimia 1. Slaidi nayo iingie humo baada ya kazi, ikae angalau dakika 30 kabla ya kuoshwa.

Kifuniko kishushwe kwa mshazari: gusisha ukingo mmoja kwenye tone, kisha kilaze polepole ili hewa itoke upande wa pili. Kikidondoshwa kikiwa bapa hunasa viputo. Kiputo ni rahisi kukitambua pichani, kwani ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi na katikati peupe. Hata hivyo, mwanafunzi asiyeambiwa atakiita seli, tena kwa uhakika kabisa, kwa sababu ndicho kitu kinachoonekana vizuri zaidi kwenye slaidi isiyo na rangi.

Picha ya kwanza, kabla ya rangi

Weka slaidi kwenye hadubini na uanze na lenzi ya 4x, kisha 10x, ndipo uende 40x. Seli zisizo na rangi ni ngumu kuziona kwa sababu karibu mwanga wote hupita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Zifanye zionekane kwa kufunga diaframu iliyo chini ya jukwaa hadi duara la mwanga lipungue na kingo za seli zijitokeze. Usiifunge kabisa, maana kila kitu kitazungukwa na mistari ya kivuli na maelezo madogo yatapotea.

Tafuta kundi la seli tatu au nne lenye umbo utakaloweza kulitambua tena, kwa mfano seli mbili zilizogusana na moja iliyokunjika ubavuni. Kundi hushikilia mahali pake kuliko seli moja, na hilo litakusaidia muda mfupi ujao. Piga picha.

Kwa simu, kazi ngumu ni kuiweka kamera umbali sahihi kutoka lenzi ya jicho. Anza na umbali wa sentimita 2 hivi kisha isogeze polepole. Ikiwa karibu mno au mbali mno, utaona duara dogo la mwanga linalocheza. Umbali ukiwa sahihi, duara hupanuka na ukingo wake huwa mkali na mweusi. Kishikizo cha simu kinasaidia sana, kwa sababu picha zote zinazofuata zinapaswa kupigwa kwa umbali uleule. Gusa kioo cha simu juu ya seli na ushikilie mpaka fokasi na mwangaza vijifunge. Usivute picha kwa vidole, kwa sababu kukuza kwa namna hiyo hupanua pikseli tu na hakuongezi chochote kilichoonekana.

Kuingiza rangi bila kuondoa slaidi

Rudi kwenye lenzi ya 10x ili upate nafasi ya kufanya kazi. Weka tone moja la methilini buluu liguse ukingo wa kifuniko. Upande wa pili, gusisha kipande cha karatasi ya kuchujia. Karatasi itanyonya maji ya chumvi, na rangi itavutwa chini ya kifuniko ichukue nafasi yake. Acha karatasi kwa sekunde chache, iondoe, kisha igusishe tena. Ukinyonya kwa pupa, mkondo utazibeba seli zako na utabaki unalitafuta kundi lako bila mafanikio.

Subiri dakika mbili au tatu. Kisha vuta maji ya chumvi kwa njia hiyohiyo, tone moja au mawili, ili kuiondoa rangi iliyobaki kwenye maji. Wengi huiruka hatua hii, nao hupata picha ambayo mandhari yake ni ya buluu sawa na seli. Rangi iliyoshikwa na seli hubaki. Ile iliyokuwa inaelea huondoka. Rudi 40x, fungua diaframu kidogo zaidi ya mwanzo kwa kuwa sasa rangi yenyewe inatofautisha seli na mandhari, na upige picha ya pili. Piga tatu kwa kweli, ukigeuza skurubu ndogo kidogo sana kati ya moja na nyingine. Katika 40x kina kinachoonekana wazi kwa mara moja ni kama mikrometa 1 tu, kwa hiyo kiini kinaweza kuwa wazi huku ukingo uliokunjika ukiwa na ukungu. Utachagua baadaye.

Kabla ya kutoa slaidi, isogeze mpaka sehemu tupu na uipige picha pia. Simu hurekebisha rangi nyeupe kwa hiari yake, na sehemu hiyo tupu itakuonyesha kama mandhari imegeuka kuwa ya njano au ya zambarau. Ikiwa imegeuka, irekebishe picha mpaka mandhari iwe nyeupe au ya kijivu hafifu, na ufanye hivyohivyo kwa jozi yote.

Kipimo, hatua isiyopaswa kurukwa

Soma maandishi yaliyo kwenye lenzi ya jicho. Mara nyingi yatasema kitu kama 10x/18. Ile 18 ni kipenyo cha duara la kuona kwa milimita, kabla lenzi iliyo karibu na slaidi haijakuza. Ukigawa kwa ukuzaji wa lenzi hiyo ya chini, unapata upana halisi wa eneo unaloliona:

```
18 mm / 40 = 0.45 mm = 450 µm
```

Sasa fungua picha kwenye kompyuta na upime duara zima la mwanga ni pikseli ngapi. Tuseme ni 1800. Basi:

```
450 µm / 1800 px = 0.25 µm/px
```

Hesabu hii ni sahihi tu ikiwa duara lililo pichani ni duara zima la lenzi ya jicho, si kivuli cha simu iliyokaa vibaya. Hakikisha kwa rula ya plastiki inayopitisha mwanga. Iweke jukwaani, itazame kwa 4x, na uipige picha simu ikiwa palepale. Kwa mfano wetu duara linapaswa kuonyesha milimita 4.5, na kila milimita iwe na pikseli 400. Lenzi ya 40x hukuza mara kumi zaidi ya ile ya 4x, kwa hiyo milimita moja itakuwa pikseli 4000, na hapo tunarudi kwenye 0.25 ileile. Namba mbili zikitofautiana sana, iamini rula. Kwenye rula pima kutoka katikati ya mstari mmoja hadi katikati ya mstari unaofuata, kwa sababu mstari wenyewe ni mnene.

Chora mstari wa pikseli 200 kwenye kona ya picha na uandike 50 µm. Uchore ndani ya picha yenyewe, kabla ya kuikata au kuipanua, ili mstari na seli vikue na kupungua pamoja. Hapa ndipo lile la mara 400 linapoanguka. Chukua seli yenye upana wa pikseli 240, yaani mikrometa 60. Projekta ikiionyesha ukutani ikiwa na upana wa sentimita 30, imekuzwa mara 5000 katika ukuta huo. Sogeza projekta karibu, namba inabadilika. Mara 400 ilikuwa ukuzaji wa hadubini kwa jicho lililokuwa pale. Picha iliyoko ukutani ina ukuzaji wake mwingine, na mstari wa kipimo ndio unaobaki kuwa kweli kila mahali.

Somo lenyewe

Ijaribu picha kwenye chumba na projekta zitakazotumika. Buluu hafifu ya sitoplazimu hupotea ukutani chumba kikiwa na mwanga mwingi, na hapo wanafunzi wataona viini vinavyoelea peke yake. Ongeza utofauti wa mwangaza kidogo kama ni lazima, kwa picha zote mbili sawasawa, na uwaambie kwamba umefanya hivyo. Sehemu unazotaka kuzitaja ziwekee mishale na herufi, usitegemee kusema "ile yenye buluu zaidi", kwani si kila mtu darasani anaziona rangi kwa namna moja.

Onyesha kwanza picha isiyo na rangi na uwape wanafunzi dakika tatu wachore wanachokiona. Usitaje jina lolote. Wengi watachora mistari ya pembeni, mikunjo na labda kivuli cha duara katikati. Kisha weka picha ya pili kando yake. Waulize swali moja: nini kimeongezeka, na nini kilikuwepo tangu mwanzo? Watagundua kwamba umbo la seli ni lilelile, mikunjo ni ileile, ila duara la katikati limekuwa jeusi-buluu. Basi rangi haikutoka kwenye seli. Iliwekwa, na ikashika mahali fulani zaidi kuliko pengine.

Sasa eleza sababu. Chembe za methilini buluu hubeba chaji chanya. DNA, ambayo imejaa ndani ya kiini, ina fosfeti nyingi zenye chaji hasi, na RNA vilevile. Chaji zinazopingana huvutana, kwa hiyo rangi hujikusanya kwenye kiini kuliko popote. Sitoplazimu nayo ina RNA na protini kiasi, ndiyo maana inapata buluu nyepesi. Methilini buluu hunyonya sehemu nyekundu ya mwanga mweupe na kuiacha buluu ipite. Kwa hiyo weusi wa mahali pichani unasema jambo moja tu: kiasi gani cha mwanga kimezuiwa pale.

Sentensi hiyo ya mwisho inastahili muda. Mwonyeshe mwanafunzi mahali ambapo seli mbili zimelaliana. Pale ni peusi zaidi ya seli moja, ingawa hakuna kiini. Mwanga umepita katika tabaka mbili zenye rangi, ukapungua mara mbili. Mkunjo wa ukingo hufanya vivyo hivyo. Seli hizi ni nyembamba na pana kama karatasi iliyolazwa, na karatasi iliyokunjwa ina unene maradufu mahali pa mkunjo. Ukitaka kujua kama doa jeusi ni kiini au ni mlaliano, angalia umbo lake. Kiini ni duara au yai lenye ukingo uliofungika, mara nyingi karibu na katikati, na katika mfano wetu kina pikseli 36, yaani mikrometa 9. Mlaliano una pembe, na kingo zake huendelea nje yake kama kingo za seli zenyewe.

Darasa likishaelewa hivyo, nenda kwenye mstari wa pembeni. Waulize ni nini, nao watajibu utando wa seli. Wape namba mbili. Utando una unene wa takriban mikrometa 0.008. Lenzi ya 40x ya shuleni, yenye maandishi 40x/0.65, haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya nusu mikrometa hivi. Utando ni mwembamba kuliko kikomo hicho mara 60. Hakuna anayeuona kwenye picha hii. Mstari ule ni mahali seli inapoishia: mwanga hupinda unapotoka kwenye seli kwenda kwenye maji, na rangi inakoma hapo. Ushahidi uko kwenye jozi yenu: kwenye picha ya kwanza, diaframu ilipofungwa, mstari ni mnene na mweusi; kwenye ya pili, diaframu ikiwa wazi zaidi, umekuwa mwembamba. Utando haubadiliki unene kwa kuguswa kwa diaframu. Ni sawa kusema kwamba utando upo kwenye ukingo huo. Si sawa kusema tunauona.

Vitu ambavyo si sehemu ya seli

Kwenye picha nzuri utaona pia vidoa vidogo vya buluu nzito vilivyotapakaa juu ya seli, kila kimoja kikiwa na pikseli nne hivi. Ni mikrometa 1, na hao ni bakteria wa kawaida wa mdomoni. Huwa na ukubwa unaokaribiana, wengine wawiliwawili au katika mnyororo. Usiwafute pichani. Wanampa mwanafunzi kipimo cha kulinganisha cha kweli, na huwaonyesha kwamba seli moja ya shavu ina nafasi ya bakteria wengi mno juu yake.

Chembe za rangi isiyoyeyuka ni jambo jingine. Hizi ni nyeusi sana, zina pembe kali, ukubwa wao hautabiriki, na zipo nje ya seli sawa na ndani yake. Zikiwa nyingi, rangi haikuchujwa. Nyuzi za pamba ni ndefu kupita seli kadhaa na hung'aa pembeni. Doa linalobaki palepale pichani hata slaidi ikisogezwa limo kwenye lenzi au kwenye kamera. Zungusha lenzi ya jicho, na likizunguka nalo, safisha hapo.

Ikiwa seli yote ni buluu nzito na kiini hakionekani, rangi ilikuwa kali mno au haikuoshwa. Vuta tone jingine la maji ya chumvi na utazame tena kabla ya kuanza upya. Ikiwa kiini kina rangi hafifu upande mmoja wa kifuniko na nzito upande mwingine, rangi haijafika kote, ongeza muda tu.

Maswali yatakayokuja

Watauliza kama seli hizo ziko hai. Nyingi zimetoka tabaka la juu kabisa la shavu, ambalo hubanduka kila siku, na zilikuwa zimekufa au karibu kufa kabla ya pamba kuzigusa. Hilo linaisaidia rangi, kwa kuwa seli iliyo hai huweza kuizuia au kuibadilisha methilini buluu ikawa haina rangi. Watengenezaji wa hamira hutumia tabia hiyo: seli za hamira zilizokufa hugeuka buluu, zilizo hai hubaki bila rangi.

Watauliza pia mitokondria ziko wapi, maana wamezichora kwenye daftari. Upana wake ni nusu mikrometa hadi mikrometa 1, pale pale kwenye kikomo cha lenzi, na kwa njia hii ya kutia rangi hazitofautiani na sitoplazimu inayozizunguka. Kitu huonekana pichani kikiwa na masharti mawili: kiwe kikubwa kuliko kikomo cha lenzi, na kizuie mwanga tofauti na jirani yake. Bakteria wana mikrometa 1 pia, lakini wametimiza sharti la pili, wamejaa RNA na DNA na wamelala juu ya mandhari hafifu.

Mwishoni andika maelezo chini ya picha, na uwatake wanafunzi waandike ya kwao kwa picha ya kwanza wakifuata mpangilio huohuo: "Seli za ndani ya shavu la binadamu, methilini buluu asilimia 0.1, dakika 3, zimeoshwa kwa maji ya chumvi. Lenzi 40x/0.65, kamera ya simu. Rangi ya mandhari na utofauti wa mwangaza vimerekebishwa. K: kiini. B: bakteria. M: mkunjo. Mstari: 50 µm."